Samaki, barabara na suruali: vihesabio vya Kichina kwa anayeanza

Barabara inayotoka Makurunge kupitia Saadani hadi Pangani na Tanga, Mto Wami unaokatiza njiani, nyoka anayevuka njia mchana wa jua kali, samaki aliyelazwa mezani sokoni Bagamoyo, na suruali aliyovaa dereva. Mchina akianza kuhesabu, vitu hivi vitano anavihesabu kwa neno moja, tiáo (条). Barabara moja ni yì tiáo lù, mto mmoja ni yì tiáo hé, nyoka mmoja ni yì tiáo shé, samaki mmoja ni yì tiáo yú, na suruali moja ni yì tiáo kùzi. Kinachovikutanisha ni umbo. Vyote ni virefu, ni vyembamba ukilinganisha na urefu wake, na vingi vinajipinda.

Kwa anayeanza Kichina, hapa ndipo panapoleta kigugumizi kuliko pengine pengi. Sarufi yake ni nyepesi kwa mambo mengi: kitenzi hakibadiliki kufuata nafsi, jina halina wingi, yú ni samaki mmoja na ni samaki mia. Lakini namba hairuhusiwi kushikana moja kwa moja na jina. Kati yao lazima lisimame neno la tatu, ambalo Wachina huliita liàngcí, nami hapa nitaliita kihesabio. Mpangilio ni namba, kisha kihesabio, kisha jina: sān tiáo yú, samaki watatu. Ukisema sān yú peke yake, umeacha pengo ambalo kila msikilizaji atalihisi. Sharti ni lilelile baada ya zhè (hii, huyu), nà (ile, yule), nǎ (ipi), jǐ (ngapi) na měi (kila). Samaki huyu ni zhè tiáo yú. Samaki wangapi? Jǐ tiáo yú?

Msomaji wa Kiswahili hafiki hapa mikono mitupu. Kwanza, sisi wenyewe tuna maneno ya kuhesabia. Tunasema gunia la mkaa, kibaba cha mchele, fungu la dagaa, mkungu wa ndizi, doti ya khanga. Kichina kinayo ya aina hiyo na hayamsumbui mtu: yí dài mǐ ni mfuko wa mchele, yì píng shuǐ ni chupa ya maji, yì bēi chá ni kikombe cha chai. Maneno hayo yanataja kiasi au chombo, na ukibadili chombo kiasi kinabadilika. Kazi ngumu iko kwenye aina ya pili, ile ambayo haipimi chochote. Tiáo katika sān tiáo yú haikuambii samaki ni wakubwa kiasi gani. Inakuambia tu kwamba unahesabu vitu virefu, kimoja kimoja. Sisi tunalikaribia jambo hilo tunaposema punje ya mtama au tembe ya dawa. Tofauti ni kwamba kwetu ni hiari na ni kwa vitu vichache, na kwao ni sharti, hata kwa mbuzi na meza ambavyo tayari vinahesabika vyenyewe.

Pili, tuna ngeli. Tazama maneno haya: uzi, ufito, upanga, ulimi, unywele, ufagio. Kisha haya: embe, chungwa, yai, jiwe, boga, jicho. La kwanza ni kundi la vitu virefu vyembamba, la pili ni la vitu vya mviringo. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameona tangu zamani kwamba ndani ya ngeli zetu kuna mabaki ya mpango wa kugawa vitu kwa maumbo. Kwa hiyo wazo la kwamba lugha inaweza kuangalia umbo la kitu kabla ya kukitaja si geni kwetu. Lakini msaada wa ngeli unaishia hapo, na ni hatari kuuvuta zaidi. Ngeli imegandamana na jina: gari litabaki kwenye li-ya hata ulitazame vipi. Kihesabio cha Kichina huchaguliwa na msemaji wakati wa kusema, na jina lilelile linaweza kubadilishiwa kihesabio kwa sababu maana inayotakiwa imebadilika. Samaki mzima ni yì tiáo yú. Kipande cha samaki kilichokatwa ni yí kuài yú. Jina ni moja, na kihesabio ndicho kinachomwambia mpishi kama akachukue samaki au kisu.

Ndiyo maana napendelea kuvifundisha vihesabio kama maswali kuhusu kitu chenyewe. Je, ni kirefu? Ni bapa? Ni donge au ni punje? Kinashikwa kwa mkono? Kina uhai? Maswali hayo matano yanabeba sehemu kubwa ya vihesabio ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavihitaji. Palipobaki ni pa kukariri tu, na ni vizuri kusema hivyo mapema.

Kabla ya kuyajibu, jambo dogo la matamshi, kwa sababu msomaji ameshaona yì mahali pamoja na yí mahali pengine. Ni neno lilelile, yī, yaani moja. Likifuatwa na neno la toni ya nne hupanda na kuwa yí, kama katika yí kuài. Likifuatwa na neno la toni ya kwanza, ya pili au ya tatu hushuka na kuwa yì, kama katika yì tiáo. Pia mbili ya kuhesabia vitu si èr bali ni liǎng. Samaki wawili ni liǎng tiáo yú, na anayesema èr tiáo yú hujulikana papo hapo kwamba bado ni mgeni.

Turudi kwenye vitu virefu, kwa sababu ndiyo familia tajiri kuliko zote. Maana ya zamani ya tiáo ni kitawi. Hivyo ndivyo inavyoelezwa katika Shuowen Jiezi, kamusi ya Xu Shen iliyokamilika mwaka 100 baada ya Kristo. Kutoka kwenye kitawi neno lilihamia kwenye vitu vilivyofanana nacho kwa umbo: kamba, mkia, mto, njia, nyoka, samaki. Likaingia hata kwenye nguo, lakini si nguo zote. Suruali, sketi, taulo na skafu ni tiáo, kwa sababu huning'inia kwa urefu. Shati na koti huchukua jiàn (件), kihesabio cha nguo za juu: yí jiàn chènshān, shati moja. Mwaka 1990 wanaisimu James Tai na Lianqing Wang walichapisha uchunguzi wa kihesabio hiki kimoja tu, wakaonyesha jinsi kinavyosambaa kutoka kwenye vitu virefu vya kushikika hadi mambo yasiyoshikika. Habari moja ni yì tiáo xīnwén, na kifungu cha sheria nacho ni tiáo. Habari haina urefu wa kupimwa kwa futi, lakini iliandikwa mstari kwa mstari, kipengele kwa kipengele, na umbo la mstari likaacha alama yake.

Reli nayo imo. TAZARA, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa Kichina ni yì tiáo tiělù. Treni inayopita juu yake haihesabiwi hivyo. Treni nzima ni yí liè huǒchē, ambapo liè (列) ni safu, kwa kuwa kinachoonekana ni mabehewa yaliyopangwa mstari.

Jirani wa tiáo ni gēn (根), neno lenye maana ya mzizi. Hapa Makurunge ndipo pa kujifunzia tofauti yao, kwa sababu ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Bagamoyo. Muwa mmoja ni yì gēn gānzhe. Fimbo ni gēn, mfupa ni gēn, njiti ya kiberiti ni gēn, bomba jembamba ni gēn, unywele mmoja ni yì gēn tóufa. Wengi hufundishwa kwamba tiáo ni kwa vinavyopinda na gēn ni kwa vilivyo vigumu. Kanuni hiyo husaidia mwanzoni, kisha unywele unaivunja, maana hakuna kinachopinda kama unywele. Ni afadhali kusema hivi: gēn huona uzi mmoja au kijiti kimoja kilichosimama peke yake, chembamba na cha mviringo. Tiáo huona kitu kinachojinyoosha na kushika nafasi, aghalabu kimelala au kinapita. Kamba ya kufungia inaweza kuonwa kwa namna zote mbili, na kweli hukubali vyote viwili. Ndizi moja ni yì gēn xiāngjiāo.

Wa tatu katika familia hii ni zhī (支), wa kalamu, mishumaa na sigara, vijiti vilivyotengenezwa kwa mkono wa mtu. Mkumbuke huyu, maana mbele tutakutana na zhī mwingine anayetamkwa vivyo hivyo.

Vitu bapa vinatawaliwa na zhāng (张). Karatasi, tiketi, picha na ramani ni zhāng, na hilo halimshangazi mtu. Meza na kitanda pia ni zhāng, kwa kuwa kinachotumika ni ule uso wa juu. Mkeka ni yì zhāng xízi. Wavu wa kuvulia ni yì zhāng yúwǎng. Kisha orodha inageuka: uso wa mtu ni yì zhāng liǎn, mdomo ni yì zhāng zuǐ, na upinde wa mishale ni yì zhāng gōng. Mdomo si bapa, na upinde ni mwembamba kama fito. Anayeshikilia neno bapa hukwama hapa.

Jibu liko katika maana ya kwanza ya neno. Zhāng ilikuwa kitenzi, kuvuta uzi wa upinde mpaka ukakaza. Kilichovutwa hutanuka, na kilichotanuka hupata uso. Kwa hiyo familia hii ina milango miwili: vitu vyenye uso uliotandazwa, na vitu vinavyofunguka au kutanuliwa. Mdomo umeingia kwa mlango wa pili. Wavu una haki ya kuingia kwa yote miwili, na mvuvi wa pwani anaelewa hilo bila kufafanuliwa, kwa kuwa wavu uliokunjwa kwenye ngalawa haujawa wavu mpaka utandazwe. Vitu bapa vilivyo vidogo na vyembamba zaidi humwendea piàn (片): jani la mti, kipande cha mkate, tembe ya dawa. Dawa ya vidonge viwili itaandikwa liǎng piàn.

Sasa madonge na punje. Kuài (块) ni donge au kipande chenye unene: jiwe, sabuni, nyama, kipande cha keki. Ni kitambaa pia, na ni kiwanja: yí kuài dì, neno la kulijua kwa yeyote anayeuza au kununua ardhi ukanda huu wa pwani. Fedha nazo huhesabiwa kwa kuài katika mazungumzo, wǔ kuài qián ni yuan tano, tangu pesa zilipokuwa vipande halisi vya madini ya fedha. Vikiwa vidogo kabisa ni lì (粒): punje ya mchele, chembe ya mchanga, chembe ya chumvi. Vikiwa vidogo na vya mviringo ni kē (颗): jino, nyota, lulu, risasi. Kuna kē mwingine, wa toni ileile lakini wa maandishi tofauti (棵), ambaye ni wa miti na mimea. Mnazi mmoja ni yì kē yēzishù. Ukisikia kē peke yake huwezi kujua ni yupi, ila jina linalofuata litakuambia, na ukiandika ndipo kosa hujitokeza.

Swali la nne, je, kinashikwa kwa mkono, linajibiwa na bǎ (把), kitendo cha kushika. Kila kifaa chenye mpini kimo humu: kisu, jembe, ufagio, mkasi, mwavuli, ufunguo. Panga ni yì bǎ kǎndāo. Kiti pia ni bǎ, yì bǎ yǐzi, na wanafunzi huuliza kwa nini kiti kimetengana na meza. Ni kwa sababu meza hutazamwa kwa uso wake, na kiti hushikwa kwenye egemeo na kuvutwa. Kihesabio hichohicho kinaweza pia kuwa kipimo cha kujaa mkononi: yì bǎ yán ni chumvi ya gao moja, na yì bǎ xiāngjiāo ni chane ya ndizi. Angalia jinsi ndizi zilivyobadilika: gēn ukihesabu moja, bǎ ukihesabu chane.

Wanyama hawafuati umbo peke yake. Kihesabio chao cha kawaida ni zhī (只), ambaye si yule wa kalamu: kuku, bata, paka, tumbili, mbuzi, kaa. Wale wakubwa, hasa wafugwao, huchukua tóu (头), maana yake kichwa: ng'ombe ni yì tóu niú, punda ni yì tóu lǘ, na ndani ya Hifadhi ya Saadani tembo na kiboko nao ni tóu. Farasi ana chake peke yake, pǐ (匹). Hapo hakuna umbo litakalokusaidia, kariri. Walio warefu wamebaki kwenye tiáo, yaani samaki na nyoka. Mamba, ambaye jina lake la Kichina èyú lina neno samaki ndani yake, husikika akiitwa tiáo na hata zhī. Mbwa naye ana viwili: yì tiáo gǒu anayeangaliwa kwa urefu wa mwili, na yì zhī gǒu anayeangaliwa kama mnyama tu. Vyote ni sahihi.

Zhī wa wanyama ana kazi ya pili, kutaja kimoja kati ya viwili vinavyoandamana. Mkono mmoja ni yì zhī shǒu, kiatu kimoja ni yì zhī xié. Jozi ya viatu ni yì shuāng xié. Aliyepoteza kiatu kimoja na kununua jozi nzima anahitaji maneno hayo mawili yasichanganyike.

Watu huhesabiwa kwa ge (个), isipokuwa adabu ikitaka zaidi. Mwalimu, mgeni au mteja hupewa wèi (位): yí wèi lǎoshī, mwalimu mmoja, kwa heshima. Mhudumu wa hoteli atauliza jǐ wèi, mko wangapi. Kwa adabu iliyozoeleka unamjibu kwa ge, sān ge rén, kwa kuwa mtu hajipi mwenyewe heshima anayopaswa kupewa na wengine. Mswahili aliyelelewa kwenye shikamoo na marahaba hahitaji kuelezwa zaidi.

Vyombo vya usafiri na majengo nivipitie haraka. Gari na baiskeli, vyenye magurudumu, ni liàng (辆). Ndege ni jià (架). Meli kubwa ni sōu (艘), ilhali ngalawa inaweza kuwa yì tiáo xiǎo chuán kwa sababu ya wembamba wake. Vitu vikubwa visivyosogea, kama mlima, daraja na jengo la ibada, ni zuò (座), hivyo msikiti wa kale wa Kaole utauita yí zuò qīngzhēnsì.

Sasa tuone vihesabio vikifanya kazi pamoja. Chukua mfanyabiashara wa Bagamoyo anayemwandikia mteja Mchina oda yake kwa herufi za Kilatini. Mteja anataka samaki watatu wazima, pweza mmoja, kilo mbili za kambamiti, nazi nne, mikeka miwili na panga moja. Samaki ni rahisi: sān tiáo yú. Akiandika sān kuài yú atakuwa ameahidi vipande vitatu, na ugomvi wa bei utaanzia hapo. Pweza kwa Kichina ni zhāngyú, na mwisho wa jina lake ni yú, samaki, kwa hiyo mkono utataka kuandika tiáo. Lakini pweza si kitu kirefu chembamba, ni mnyama mwenye kichwa na mikono iliyotawanyika, na kihesabio chake ni zhī: yì zhī zhāngyú. Hili linaonyesha vizuri kwamba anayetafuta kihesabio kwa kusoma jina atakosea mahali ambapo anayemtazama mnyama atapata.

Kambamiti mmoja mmoja ni zhī, ila hapa mteja anapima uzito, kwa hiyo kipimo kinachukua nafasi ya kihesabio: liǎng gōngjīn xiā. Aangalie asiandike jīn peke yake. Jīn ni gramu 500, nusu kilo, na mteja akisoma liǎng jīn atategemea kilo moja tu. Nazi ni sì ge yēzi, kwa kuwa matunda ya mviringo kwa kawaida huchukua ge. Mikeka ni liǎng zhāng xízi, na hapa mbili ni liǎng. Panga ni yì bǎ kǎndāo. Oda imekamilika kwa vihesabio vitano na kipimo kimoja, na kila kimoja kimepatikana kwa kuuliza kitu kikoje.

Hapo msomaji makini atauliza: kama ge inakubali watu, matunda na mambo mengi mengine, kwa nini nisiitumie kwa kila kitu? Swali ni la haki. Watoto wa Kichina wenyewe huanza na ge na kuivika karibu kila jina, na watu wazima wakiongea haraka huitumia mara nyingi kuliko vitabu vinavyokiri. Ukisema sān ge yú utapewa samaki watatu. Hata hivyo sikubaliani na walimu wanaoiachia ge itawale miezi yote ya mwanzo kwa hoja ya kumpunguzia mwanafunzi mzigo. Mazoea ya ge huwa sugu, na baadaye kila jina lililojifunzwa bila kihesabio chake linabidi lijifunzwe upya. Ge iwe ya dharura, pale mtu anapokwama katikati ya sentensi. Tiáo, zhāng, bǎ, kuài na zhī zianze mapema, kwa kuwa umbo lake linaonekana kwa macho.

Kuna mahali ge ikiwekwa au ikiachwa hubadili maana kabisa. Sān yuè ni mwezi Machi. Sān ge yuè ni miezi mitatu. Mtu aliyeahidiwa mzigo baada ya miezi mitatu na kuandika sān yuè amejipangia Machi. Siku na mwaka, kwa upande wao, hazitaki kihesabio hata kidogo, kwa sababu zenyewe ni vipimo: sān tiān ni siku tatu, sān nián ni miaka mitatu, na sān ge nián ni kosa.

Tangu Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ianzishwe mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, Kichina kimekuwa lugha ambayo Mtanzania anaweza kuisoma bila kuvuka bahari. Ombi langu kwa walimu wake ni moja. Orodha za vihesabio mnazowapa wanafunzi ziandikeni upya kwa vitu vya hapa: mkeka na wavu chini ya zhāng, muwa chini ya gēn, panga na jembe chini ya bǎ, kiwanja chini ya kuài, mnazi chini ya kē, barabara ya Saadani chini ya tiáo. Na wewe unayejifunza peke yako, usiandike daftarini yú ni samaki. Andika yì tiáo yú, samaki mmoja, na fanya hivyo kwa kila jina kuanzia la kwanza.